Bonyeza Spika Ukitaka, Lakini Kwanza Jifunze Kusoma Zile Alama

Wasee, kuna kitu kwenye kamusi ya Kizungu ambacho karibu sisi wote tumezoea kukiruka. Unatafuta neno, unalipata, alafu kando yake kuna vijialama vya ajabu vimefungiwa kati ya mikwaju miwili. Kuna e iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu. Kuna kitu kama s iliyovutwa ikawa ndefu. Kuna kistari kidogo kinaning'inia juu kama kimesahaulika hapo. Macho yanaruka hizo vitu zote yanaenda moja kwa moja kwa maana.

Mimi nasema hapo ndipo tunajinyima. Kenya tuna neno zima la kumcheka mtu akitamka Kizungu vibaya: ameshrabu. Pia tuna neno la kumcheka akijaribu sana: anatwengi. Ukikosea unachekwa, ukijitahidi unachekwa, kwa hivyo wengi wameamua kunyamaza. Mtu anajua neno, anajua maana, hata anaweza kuliandika bila makosa, lakini hawezi kulisema mbele ya watu kwa sababu hana uhakika. Na kumuuliza mtu "hili linatamkwaje?" ni kumkabidhi fimbo akuchape nayo. Ajabu ni kwamba jibu limeandikwa palepale kwenye kamusi, na kamusi haimchekи mtu.

Kwanza tutoe ile dhana kwamba alama hizi ni za maprofesa. Chama kilichozitengeneza kilianzishwa Paris mwaka wa 1886 na kikundi cha walimu wa lugha, kiongozi wao akiwa Mfaransa anaitwa Paul Passy. Walikuwa walimu wa kawaida waliochoshwa na tahajia ya Kizungu, ile ya kuandika kitu kimoja na kusema kingine, na walitaka alama moja iwakilishe sauti moja, basi. Na ile kamusi ya Oxford ya wanaojifunza, ile nene inayojulikana kwa shule zetu, ilianza na A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Japani. Ilitoka Tokyo mwaka wa 1942, Oxford ikaichapisha mwaka wa 1948. Yaani tangu mwanzo ilikuwa ya mtu kama wewe, mtu ambaye Kizungu si lugha ya kwao.

Sasa, alama moja sauti moja. Si hiyo inakukumbusha lugha fulani? Kiswahili kiko karibu hivyo tayari. Ukiona a unasema a, ukiona u unasema u, hakuna mchezo. Ndio maana alama nyingi za kamusi utazisoma bila kufundishwa: p, b, m, n, s, z, f, v, k, l ni zile zile. Na zile zinazoonekana ngeni, karibu zote sauti zake ziko kinywani mwako tangu nasari. Alama /ʃ/ ni sh ya shule. /tʃ/ ni ch ya chai. /dʒ/ ni j ya jana. /θ/ ni th ya thamani, na /ð/ ni dh ya dhahabu.

Hapo kwa th na dh tusimame kidogo, kwa sababu hapa Mswahili anamshinda Mwingereza kwa uandishi. Kizungu kinaandika hizo sauti mbili kwa herufi zile zile, "th", alafu kinakuacha ujipange. "Thin" inaanza na th ya thamani, "this" inaanza na dh ya dhahabu, na hakuna kitu kwa tahajia kinachokuambia. Angalia kamusi: /θɪn/ na /ðɪs/. Alafu angalia "breath" na "breathe". Watu wengi hudhani ni neno moja limeongezewa e. Kamusi inasema /breθ/ na /briːð/. La kwanza linaisha na sauti ya thamani, la pili na ya dhahabu, na hata irabu zimebadilika.

Nyingine tamu ni /ŋ/, ile n yenye mkia. Hiyo ni ng' ya ng'ombe. Mwalimu wa Kiswahili alikuchapa sana juu ya hiyo alama ya ritifaa, ngoma na ng'ombe si kitu kimoja, na ukadhani anakusumbua bure. Sasa chukua "finger" na "singer". Zimeandikwa sawa, tofauti ni herufi ya kwanza tu. Kamusi inasema /ˈfɪŋɡə(r)/ na /ˈsɪŋə(r)/. Ya kwanza ina /ŋ/ ikifuatwa na /ɡ/, kama ng ya ngoma. Ya pili ina /ŋ/ peke yake, kama ng' ya ng'ombe. Ukiandika kwa Kiswahili ungesema "finga" na "sing'a", na ungekuwa karibu kabisa. Kuna mgeni analipa pesa kufundishwa tofauti hiyo, wewe uliipata bure.

Mtego ni mmoja kwa upande wa konsonanti: alama /j/. Hiyo SI j yetu. Hiyo ni y ya yai. Ukiona "use" imeandikwa /juːz/, usiseme juzi. Ni "yuuz". Ukikumbuka hilo tu, konsonanti karibu umemaliza.

Tuje kwa kile kistari kinachoning'inia, kwa sababu kwangu mimi hicho ndicho kitu cha maana zaidi kwa mstari mzima, na ndicho watu wanadhani ni uchafu wa skrini.

Unakumbuka darasa la Kiswahili, barabara na barabara? Ukikaza sauti kwa silabi ya pili kutoka mwisho, baraBAra, ni njia ya magari. Ukikaza ya tatu kutoka mwisho, baRAbara, ni sawasawa, vizuri kabisa. Hiyo inaitwa shadda, au mkazo. Kwa Kiswahili mkazo karibu kila mara unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, ndio maana hatuhitaji kuuandika. Baba, mtoto, wanafunzi, tunasomeana: kinywa kinajua kwenyewe.

Kizungu hakina adabu hiyo. Mkazo unaweza kukaa mwanzo, katikati au mwisho, na usipoambiwa huwezi kujua. Kwa hivyo kinywa chako kinafanya kilichozoea, kinakaza ya pili kutoka mwisho. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya ile kitu tunaita kushrabu. Sauti zako ziko sawa, mkazo ndio umekaa kiti cha mwingine. Msikilizaji anayetoka mbali analitambua neno kwa mkazo wake, na ukiuhamisha anapotea kabisa hata kama kila herufi umeitamka.

Kistari kile kinakuambia mkazo uko wapi. Kanuni ni hii, na usiisome haraka: kistari kinakaa KABLA ya silabi inayokazwa, si baada yake. "Hotel" ni /həʊˈtel/. Kistari kiko kabla ya tel, kwa hivyo unakaza tel. Ukiona kistari kingine kiko chini, kama koma iliyolala, huo ni mkazo mdogo, wa pili kwa nguvu. Kukaza maana yake si kupiga kelele. Unairefusha silabi kidogo, unaipandisha sauti kidogo, na zile zingine unazipita haraka.

Kuzipita haraka ndiko kunatuleta kwa e iliyopinduliwa, /ə/. Hii ndiyo irabu inayotokea kuliko zote kwa Kizungu, na Kiswahili hakina. Sisi kila irabu tunaipa heshima yake. Waingereza irabu ikikosa mkazo mara nyingi wanaiacha ife. Kinywa kimefunguka nusu, ulimi umelala, hakuna juhudi yoyote. Si a, si e, ni kama sauti ya mtu anayesitasita kabla ya kujibu. Uzuri wake ni kwamba kwa kamusi za Uingereza /ə/ haibebi mkazo kamwe. Ukiiona unajua hapo ni pa kupita tu. Kistari na /ə/ wanafanya kazi pamoja: kimoja kinasema kaza hapa, kingine kinasema hapa legeza.

Acha niwaonyeshe vile hii kitu inafanya kazi kwa mtu halisi.

Binamu yangu alikuwa anajifunza kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja, sitaitaja. Siku moja mgeni akauliza vyumba, na yeye akajibu kuna vyumba vya kawaida na "suti" mbili. Aliona neno "suite" kwa kompyuta kila siku na akalisoma vile linaonekana. Msimamizi wake hakumrekebisha. Alichukua ile redio ya mkononi akalirudia ili wenzake wote wa kila ghorofa wasikie na kucheka. Kuanzia hapo, simu ikilia na mtu anauliza vyumba vikubwa, binamu yangu anampa mwenzake simu. Msee anayejua kazi yake, anaogopa simu.

Tulikaa chini jioni moja na simu yake, kamusi tayari imeshapakuliwa, hakuna bando inayohitajika. Tukaandika orodha ya maneno ya kazi yake yanayomtisha, tukaanza na hilo hilo. "Suite": /swiːt/. Sasa soma kama Kiswahili. s, w, i ndefu, t. Zile nukta mbili zinasema irabu inavutwa, vile kufaa si kufa. Kwa hivyo ni "swiit". Alinitazama. "Si hiyo ni 'sweet'?" Tukafungua "sweet": /swiːt/. Herufi kwa herufi, sawasawa. Alafu tukafungua "suit", ile ya kuvaa, kamusi ikasema /suːt/. Ndiyo maana mgeni alishangaa: ameambiwa hoteli ina nguo mbili. Bila kumuuliza mtu yeyote alikuwa ameshapata jibu, na sababu ya kosa pia.

Neno la pili lilikuwa "buffet". Hapa kuna funzo la aina nyingine. Tukapata kamusi ina maneno mawili yameandikwa hivyo. Moja ni /ˈbʊfeɪ/, na mengine yanayokubalika kando yake, kwa mfano /ˈbʌfeɪ/. Lingine ni /ˈbʌfɪt/. Ukichukua la kwanza unaloona bila kusoma maana unaweza kutoka na sauti ya neno lisilo lako, kwa sababu lile la /ˈbʌfɪt/ ni kitenzi, upepo au mawimbi yanapopigapiga kitu. Chakula ni lile lisilo na t mwishoni. Kwa hivyo usisome alama kabla ya kuangalia kama uko kwa neno sahihi na kama ni nomino au kitenzi. Hiyo inatokea sana. "Record" nomino ni /ˈrekɔːd/, kitenzi ni /rɪˈkɔːd/, kistari kimehama na irabu ya kwanza imegeuka.

La tatu ndilo lilikuwa jitu: "itinerary", ile ratiba ya safari ya mgeni. Alikuwa analisema "itineRAri", mkazo wa Kiswahili safi. Kamusi: /aɪˈtɪnərəri/. Usilikimbilie lote. Kwanza tulihesabu irabu, kwa sababu kila irabu ni silabi: aɪ, ɪ, ə, ə, i. Ile /aɪ/ inahesabiwa moja, ni "ai" inayoteleza kama kwa neno la Kizungu la mimi. Kwa hivyo silabi tano: aɪ, tɪ, nə, rə, ri. Pili, tulitafuta kistari. Kiko kabla ya tɪ. Basi tɪ ndiye mfalme. Tatu, tuliangalia wa kulegezwa: nə na rə, wote wawili wamelala. Nne, tukaanza kulijenga kutoka kwa mkazo. TI kwanza peke yake. Alafu ai-TI. Alafu ai-TI-nə, na mwisho mkia wote, ai-TI-nə-rə-ri, ule mkia ukishuka haraka kama mtu anayeteremka ngazi. Alipiga meza kwa kidole kila akifika TI. Dakika kama tatu hivi, neno likatoka laini.

Kama ningempa ushauri mmoja juu ya njia hii ni huo wa kuanza kwa silabi yenye kistari badala ya mwanzo wa neno. Ukianza mwanzoni, kinywa kinarudi kwa tabia yake ya Kiswahili kabla hujafika katikati.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Buda, si kuna spika? Bonyeza usikie." Nimeisikia hiyo sana, na nadhani ndiyo hoja iliyotufanya wavivu.

Shida ya spika ni kwamba unasikia kwa masikio uliyonayo. Kiswahili kina irabu tano. Kizungu cha Uingereza, vile kinavyohesabiwa kwa kamusi nyingi, kina kama ishirini. Sikio lililolelewa na tano likisikia sauti mpya linaisukuma kwa ile iliyo karibu. Jaribu hizi nne: "hut", "hat", "heart", "hurt". Kibanda, kofia, moyo, kuumia. Sema kwa Kizungu cha Nairobi cha kawaida, uwe mkweli. Zote zinatoka "hat", au karibu sana. Na ukibonyeza spika mara moja moja, utaapa umesikia kitu kimoja mara nne.

Sasa angalia alama: /hʌt/, /hæt/, /hɑːt/, /hɜːt/. Nne tofauti kabisa, hakuna ubishi. /ʌ/ ni fupi, na a yako ya Kiswahili iko karibu nayo. /æ/ ni a na e zimeunganishwa, na ndivyo inavyosikika: tamka a huku midomo imepanuliwa kama unataka kusema e. /ɑː/ ni ile a ndefu ya nyuma unayomtolea daktari akiangalia koo. /ɜː/ ni ile e iliyolala, /ə/, lakini imeamka na inavutwa. Ukishajua unatafuta nini, rudi ubonyeze spika. Safari hii sikio lina kazi, linajua tofauti iko wapi, na baada ya mara kadhaa linaanza kuikamata. Kwa hivyo sisemi spika ni mbaya. Nasema alama ndiyo inayokuambia usikilize nini.

Na kama unadhani masikio yetu hayadanganyi, angalia maneno tuliyoyakopa. "Shirt" ni /ʃɜːt/, sisi ni shati. "Bus" ni /bʌs/, sisi ni basi. "Card" ni /kɑːd/, sisi ni kadi. Irabu tatu tofauti, zote zimeingia kwa mlango mmoja wa a. Lakini pia wazee waliokopa kwa sikio walikuwa wakali kuliko sisi tunaosoma kwa macho. "Cupboard" ina p katikati, na bado tunasema kabati, bila p, kwa sababu ndivyo inavyotamkwa: /ˈkʌbəd/. "Colonel" ina l mbili na hakuna anayeisoma vile imeandikwa. Kamusi inasema /ˈkɜːnl/, na sisi tukapata kanali. Aliyeleta neno kanali hakuona tahajia, na ndiyo ilimwokoa.

Kitu kinachoniudhi ni shule. Mtihani wa Kizungu wa KCSE, karatasi ya kwanza, una alama 30 kati ya 60 za stadi za kuzungumza, na zote zinajibiwa kwa kalamu. Unaulizwa herufi gani imenyamaza, mkazo uko wapi, neno gani linatamkwa sawa na lingine. Yote hayo yako kwenye ule mstari wa kamusi. Lakini wengi tulifunzwa kwa kukariri orodha ambayo mwalimu aliandika ubaoni, na neno likitoka nje ya orodha umekwisha. Kipindi kimoja cha kusoma kistari, /ə/ na zile irabu nne kingefanya kazi kuliko orodha kumi. "Suite" na "sweet" ni swali la mtihani kabisa.

Sasa tuongee juu ya kutwengi, kwa sababu naona watu watanielewa vibaya. Sijasema uongee kama mtu wa London. Kamusi hizi kwa kawaida zinakupa matamshi mawili, la Uingereza na la Amerika, na zimeandikwa UK na US kando. Hakuna la Nairobi. Hiyo haimaanishi Kizungu cha Nairobi ni makosa, inamaanisha tu hakuna aliyekiweka hapo. Kwa hivyo chagua cha kuchukua. Mimi nachukua mkazo kila mara, kwa sababu bila huo neno halieleweki. Nachukua herufi zilizonyamaza na konsonanti. Irabu nachukua pale maana inapogongana, kama moyo na kofia. Ile /əʊ/ ya "hotel" naiachia wenyewe, nasema o yangu na hakuna mgeni amewahi kupotea njia ya kwenda chumbani.

Hata ile r kwa mabano, /ˈtiːtʃə(r)/, inatuhusu kwa njia ya kuchekesha. Mabano yanasema Mwingereza haitamki hiyo r isipokuwa neno linalofuata linaanza na irabu. Sisi tumekuwa tukisema ticha miaka yote. Yule anayekunja ulimi mwishoni aseme "ticharrr" amehamia safu ya US bila kuangalia.

Angalizo moja kabla hujakasirikia simu: si kila kamusi inatumia alama hizi. Merriam-Webster ya Amerika ina mfumo wake, ambapo ī yenye kistari juu ni "ai" na ē ni i ndefu. Ukichanganya mifumo miwili utajipoteza. Kamusi ya karatasi huwa na ukurasa wa mwongozo karibu na mwanzo au mwisho, wenye kila alama na neno la mfano. Upige picha ukae nayo. Cambridge inatumia alama hizi nilizoeleza, na inaongeza nukta kati ya silabi, kwa hivyo kazi ya kuhesabu imeshafanywa.

Kuna mahali alama zinaishia, na binamu yangu alifika hapo wiki ya pili. Alitafuta "can" akapata mbili: /kən/ na /kæn/. Akaniuliza kamusi imeamua nini. Haijaamua. Zote mbili ni sawa, ya kwanza ni ya katikati ya sentensi ambapo neno limelegea, ya pili ni pale unapolikaza au linapokuja mwisho. Alafu "can't" ni /kɑːnt/ kwa UK na /kænt/ kwa US. Ukimwambia mgeni "I can help you" na ukaikaza ile "can" kwa nguvu zako zote, na t ya "can't" kwa kasi ya maongezi haisikiki vizuri, mgeni anaweza kudhani umekataa kumsaidia. Anayesikiliza anatofautisha hizo mbili kwa ulegevu wa irabu kuliko kwa ile t. Kamusi itakupa matamshi yote, lakini haitakuambia sentensi yako inataka lipi. Hapo ndipo yeye sasa anasikiliza wageni wakiongea kwenye kaunta, na akisikia "can" imelegea anaandika /kən/ kwa kijikaratasi chini ya simu. Simu yenyewe anaishika mwenyewe siku hizi.